Bei ya Umeme Haishuki kwa Kutangazwa Jukwaani

Mnamo tarehe 12 Desemba 2021, taifa lilipokuwa likiadhimisha Sikukuu ya Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta aliwatangazia Wakenya kwamba bei ya umeme ingeshuka kwa asilimia 30. Nusu ya punguzo hilo ingekuja mara moja, na nusu ya pili katika robo ya kwanza ya mwaka uliofuata. Ni nadra mwananchi mwenye mita nyumbani asiipokee habari kama hiyo kwa furaha, na mwandishi wa makala haya hajitoi katika idadi ya waliofurahi. Januari 2022 bei zilishuka kweli: mteja mdogo wa nyumbani aliyekuwa akilipa shilingi 10 kwa kila uniti akaanza kulipa shilingi 7.70, na yule wa kawaida akateremka kutoka shilingi 15.80 hadi 12.60.

Nusu ya pili haikuja. Na ilipofika Januari 2023, hiyo nusu ya kwanza nayo ikatoweka, bei zikarejea pale pale zilipokuwa tangu Novemba 2018. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili 2023, zikapanda kupita hapo. Wengi waliona kwamba serikali moja ilikuwa na huruma na nyingine haikuwa nayo. Kwa maoni yangu, kisa hiki kinahusu jambo jingine kabisa, nalo ni hili: ni nani hasa anayestahili kuipanga bei ya umeme, na anaipangaje?

Kwa mujibu wa sheria, si Rais, wala si waziri, wala si kampuni inayotuuzia umeme. Tangu Sheria ya Nguvu za Umeme ya mwaka 1997 ilipopitishwa, kazi hiyo imekuwa ya chombo maalumu. Kwanza ilikuwa bodi, kisha Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 ikaigeuza kuwa tume, na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la EPRA. Sheria hiyo inasema kwamba Mamlaka itakuwa huru katika kutekeleza kazi zake. Sababu ya uhuru huo ni rahisi kuielewa. Serikali ndiyo yenye hisa nyingi, asilimia 50.1, katika kampuni ya Kenya Power. Serikali iyo hiyo ndiyo inayotunga sera ya kawi, na ndiyo inayorudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka mitano. Mwenye duka, mtunga kanuni za soko na mwomba kura wakiwa mtu mmoja, mizani haiwezi kuachwa mkononi mwake.

Sasa tuitazame mizani yenyewe. Kampuni ikitaka bei mpya, huandika ombi. Ndani ya ombi hilo hueleza gharama zake zote: umeme inaonunua kutoka kwa KenGen na kampuni za kibinafsi, ada ya kuusafirisha katika nyaya kubwa, mishahara, ukarabati, uchakavu wa mitambo, riba ya mikopo na faida ya kadiri kwa mtaji uliowekezwa. Jumla ya gharama hizo hugawanywa kwa idadi ya uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Jawabu ndilo wastani wa bei. Ukilitazama hivyo, laonekana kuwa hesabu ya darasa la saba. Ugomvi wote, hata hivyo, umo katika tarakimu zinazoingizwa ndani yake, na kazi ya mdhibiti ni kuikagua kila moja na kuuliza: je, gharama hii ni ya haki, au ni uzembe unaotafuta mtu wa kuulipia?

Chukua mfano wa upotevu. Si umeme wote unaonunuliwa unaofika kwenye mita. Mwingine hupotea kama joto katika nyaya na transfoma, mwingine huibwa na waliojiunganishia kwa siri, na mwingine hutumiwa bila kuhesabiwa kwa sababu mita ni mbovu. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2023, Kenya Power ilipoteza zaidi ya asilimia 22 ya umeme ilioununua. Tufanye hesabu kwa tarakimu za kubuni ili jambo lieleweke. Kampuni imenunua uniti 100 kwa shilingi 10 kila moja, yaani imetumia shilingi 1,000. Uniti 20 zikipotea njiani, imebaki na 80 za kuuza, na ili irudishe pesa zake lazima iuze kila uniti kwa shilingi 12.50. Lakini mdhibiti akisema kwamba kampuni inayoendeshwa vyema haingepoteza zaidi ya uniti 15, ataigawanya shilingi 1,000 kwa uniti 85, na bei itakuwa shilingi 11.76. Kampuni itauza uniti zake 80 kwa bei hiyo na kupata shilingi 941 hivi. Shilingi 59 zilizopungua ni mzigo wake, wala si wa mteja, hadi siku itakapoziba mianya yake.

Hapo ndipo uhuru wa mdhibiti unapojulikana kama upo au haupo. Hauonekani katika maneno ya sheria pekee, bali katika tarakimu ya upotevu anayoiruhusu. Akiruhusu upotevu wote ulivyo, mwananchi anayelipa kwa uaminifu ndiye anayemlipia mwizi. Akiruhusu kidogo mno, kampuni hukosa pesa za kununulia nguzo na transfoma, na giza huwaingilia wote, mwaminifu na mwizi. Uamuzi wa aina hiyo wahitaji mtu mwenye vitabu vyote mbele yake na asiyeogopa simu kutoka juu.

Turejee sasa kwenye tangazo la Desemba 2021. Lile punguzo halikutoka hewani. Machi mwaka huo Rais alikuwa ameunda jopokazi la kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme, chini ya uenyekiti wa John Ngumi, na ripoti yake ilitolewa Septemba. Jopokazi lilipendekeza kwamba wastani wa bei uteremshwe kutoka shilingi 24 hadi 16 kwa uniti, na njia mojawapo kuu ilikuwa kujadiliana upya na kampuni za kibinafsi zinazozalisha umeme. Pendekezo lilikuwa na maana. Baadhi ya mikataba hiyo humlazimisha mnunuzi kulipia mtambo uwepo tu, hata usipozalisha uniti moja kwa mwezi mzima, tena mingi hulipwa kwa dola au yuro.

Hata hivyo, mkataba una pande mbili. Nyuma ya mwenye mtambo kuna benki za ng'ambo zilizomkopesha, na nyuma ya benki kuna dhamana zilizotiwa sahihi. Mtu hawezi kuamka asubuhi na kuufuta mkataba wa miaka 20 kwa kuwa umma ulipiga makofi. Mazungumzo hayakuzaa matunda yaliyotarajiwa, na ndiyo maana nusu ya pili ya punguzo haikuonekana. Kwa nusu ya kwanza, gharama ya kampuni ilibaki karibu ilivyokuwa, ilhali mapato kwa kila uniti yalikuwa yamekatwa. Tofauti hiyo ilibidi ibebwe na mtu. Hazina ya Taifa iliahidi fidia, na pesa za Hazina, kama tujuavyo, ni kodi.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni mpangilio wa mambo. Katika utaratibu wa kawaida gharama hutangulia, hesabu hufuata, umma husikilizwa, na tarakimu ya bei huwa ya mwisho kuzaliwa. Safari hii tarakimu ilizaliwa kwanza, jukwaani, kisha Mamlaka ikatakiwa kuitafutia hesabu. Kutoka tarehe 12 Desemba hadi viwango vipya vilipochapishwa Januari palikuwa na majuma machache tu, na katikati yake Krismasi na Mwaka Mpya. Huo si muda wa kuwasilisha ombi, kulichapisha, kuwaita wananchi katika kaunti zao na kuzipima hoja zao. Mdhibiti alitia muhuri. Na punguzo lililoingia kwa amri halikuwa na mizizi, kwa hiyo muda wake ulipokwisha hapakuwa na sababu ya kihesabu ya kulibakiza.

Jirani zetu wa Tanzania walilipitia jambo hili kutoka upande wa pili. Mwaka 2016 shirika la TANESCO liliomba bei ipandishwe kwa asilimia 18.19. EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa umeme na maji nchini humo, ilikagua ombi hilo na kuruhusu asilimia 8.53 tu, ianze tarehe 1 Januari 2017. Yaani mdhibiti alikuwa ameshakata zaidi ya nusu ya kilichoombwa. Hata hiyo haikupita. Waziri aliagiza ongezeko lisitishwe, na siku hiyo hiyo ambayo bei ilikuwa ianze, Rais John Magufuli alimfuta kazi mkurugenzi mkuu wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Angalia kosa alilofanya: aliomba kwa njia ambayo sheria ilimwelekeza. Baada ya siku kama hiyo, ni mkurugenzi gani angethubutu kupeleka ombi jingine, hata kama mitambo yake ingekuwa inaporomoka?

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: "Ndugu mwandishi, Rais tulimchagua sisi. Hao wa Mamlaka walichaguliwa na nani? Kwa nini mtaalamu asiyejulikana awe na neno zito kuliko kiongozi tuliyempigia kura?" Swali hili si la kupuuzwa. Demokrasia ina maana gani ikiwa bei ya kitu kinachowasha taa ya mtoto anayesoma itaamuliwa na watu wasioweza kuondolewa kwa kura?

Jibu langu ni kwamba kiongozi aliyechaguliwa ana njia halali ya kutuhurumia, tena iliyo wazi. Aende bungeni aombe ruzuku. Aseme: umeme wagharimu kiasi hiki, Mamlaka imethibitisha, nami nataka Hazina imlipie mnyonge sehemu hii. Wabunge watajadili, kiasi kitaandikwa katika bajeti, na sote tutajua ni barabara gani au ni shule gani iliyosubirishwa ili pesa hizo zipatikane. Hapo bei halisi yabaki kuwa bei halisi, na huruma yabaki kuwa huruma iliyohesabiwa. Kinachodhuru ni huruma iliyofichwa ndani ya bei, kwa maana gharama yake hujitokeza baadaye, mara nyingi baada ya uchaguzi, ikiwa na riba.

Wala sidai kwamba Mamlaka yetu ni huru kama sheria inavyotamka. Mwenyekiti wa bodi yake huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine huteuliwa na waziri. Ni kweli kwamba hupata sehemu ya fedha zake kutokana na ada ya senti chache tunayotozwa sote kwa kila uniti, na hilo huipunguzia haja ya kuipigia Hazina magoti. Lakini aliyeteuliwa na mkono mmoja hukumbuka daima kwamba mkono huo waweza pia kumwondoa. Tume za uchaguzi na za mahakama tumezilinda ndani ya Katiba. Mdhibiti wa umeme tumemwachia sheria ya kawaida na ujasiri wake mwenyewe.

Tuje katika bei zilizoanza Aprili 2023, kwa kuwa hizo zilipitia utaratibu. Kampuni iliandika ombi, vikao vya umma vikafanyika katika sehemu mbalimbali za nchi, Mamlaka ikakata sehemu ya kilichoombwa, na bei zikatangazwa kwa kipindi kilichopangwa kumalizika Juni 2026. Badiliko kubwa halikuwa katika tarakimu za bei peke yake. Lilikuwa katika mpaka. Tangu Novemba 2018, bei ya mnyonge ilimfikia kila mteja wa nyumbani aliyetumia hadi uniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 mpaka huo uliteremshwa hadi uniti 30, kwa shilingi 12.22 kila uniti. Anayetumia kutoka uniti 31 hadi 100 aliwekwa katika daraja jipya la shilingi 16.30, na anayepita 100 akalipa shilingi 20.97. Haya yote ni kabla ya ada na kodi.

Mwalimu aweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Chukua familia inayotumia uniti 90 kwa mwezi: taa, televisheni, pasi, jokofu dogo. Mwaka 2021 ililipia umeme wenyewe shilingi 900. Mwaka 2022, chini ya punguzo la amri, ililipa 693. Kuanzia Januari 2023 ikarejea 900. Aprili 2023 ikalipa shilingi 1,467. Gazeti lililoandika kwamba bei imepanda kidogo kwa wastani halikusema uongo, lakini familia hiyo haikuishi katika wastani. Ilivukwa na mpaka.

Hoja ya kuuteremsha mpaka ina uzito wake. Ikiwa bei ya mnyonge yamfikia pia mwenye jokofu na pasi, basi si ya mnyonge tena, na punguzo lake lazima lilipwe na viwanda na maduka. Kasoro naiona kwingine. Daraja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na ukishaingia daraja la juu, uniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya juu, si zile zilizozidi tu. Kwa bei za Aprili 2023, mwenye wastani wa uniti 30 alilipa shilingi 366.60. Mwenye wastani wa 31 alilipa shilingi 505.30. Uniti hiyo moja ya ziada ilimgharimu shilingi 138.70. Ajuza anayekaribisha wajukuu wakati wa likizo ya Desemba aweza kuuvuka mpaka huo bila kununua hata redio mpya.

Hoja ya aina hii ndiyo inayofaa kupelekwa katika vikao vya umma. Wengi huhudhuria vikao hivyo na kusimama kulia kwamba maisha ni magumu, na afisa aliye mbele huitikia kwa kichwa, kwani naye anajua ni magumu. Kilio hakimpi tarakimu ya kubadilisha. Akiulizwa kwa nini upotevu ulioruhusiwa ni huu na si ule, kwa nini mtambo fulani walipiwa ilhali haukuwashwa, au kwa nini bei ya juu isitozwe uniti zinazozidi 30 peke yake, hana budi kujibu, na jibu lake huandikwa.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Kawi na Petroli, na kutoka hapo aweza kwenda Mahakama Kuu. Wananchi wachache huijua njia hiyo, na wachache zaidi wana wakili. Lakini imewahi kuonekana kwamba mteja akijipanga husikilizwa. Januari 2018 wakili Apollo Mboya alienda mahakamani kupinga mpango wa kuwatoza wateja shilingi bilioni 10.1 za gharama za mafuta ya mitambo zilizolimbikizwa tangu 2017, mwaka wa ukame na wa uchaguzi. Mahakama ilisimamisha utozaji huo kwa muda, na baadaye mwaka huo pande husika zikafikia maafikiano.

Kesi hiyo yatufunulia sehemu ya bili ambayo vikao vya umma haviigusi. Bei iliyopitishwa Aprili 2023 ilikuwa msingi tu. Juu yake, kila mwezi, huongezwa gharama ya mafuta yaliyochomwa na mitambo ya dizeli, na gharama ya mabadiliko ya thamani ya shilingi. Viwango hivi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa kufuata kanuni iliyokwisha kuwekwa, bila kikao wala maswali. Mvua ikikosekana na mabwawa yakipungua maji, dizeli huwashwa na bili hupanda. Shilingi ilipoanguka kutoka takriban 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi karibu 160 Januari 2024, kila mkataba wa dola ulipanda nayo, na mteja alilipa tofauti hiyo mwezi baada ya mwezi pasipo mtu yeyote kuomba bei mpya. Shilingi ilipopata nguvu baadaye mwaka huo, nyongeza hiyo ilipungua, na wanasiasa kadha wakajitwalia sifa.

Kanuni yenyewe si mbaya, kwa sababu kampuni haiwezi kuibeba mvua wala dola. Lakini yaweza kuwa kichaka. Kampuni isiyopoteza chochote kwa kununua mafuta ghali haina haraka ya kuyatafuta ya bei nafuu. Kwa hiyo ningependa Mamlaka, inapochapisha viwango hivyo vya kila mwezi, ichapishe pamoja navyo orodha ya mitambo iliyowashwa, uniti ambazo kila mmoja ulizalisha, na lita za mafuta ulizochoma. Kanuni huzihitaji takwimu hizo ili ilete jawabu, kwa hivyo zimo ofisini tayari. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kikokotoo angeweza kugawanya lita kwa uniti na kuona ni mtambo upi unaokunywa kuliko wenzake.

Na katika kikao cha kuipanga bei itakayofuata ile iliyoanza Aprili 2023, natumaini mwalimu mmoja wa hisabati atasimama, ataje shilingi 138.70, na aulize zilivyopatikana.